Laini mbili, transfoma moja: jinsi ya kugawa umeme kwa kusogeza fezi

Laini mbili za kusafirisha umeme zikitoka kituo kimoja cha kupoza umeme na kuingia kingine, umeme hauangalii ipi ina nyaya nene na ipi ina nyaya nyembamba. Unafuata riaktansi, yaani kile kizuizi ambacho laini yenyewe inauwekea mkondo mbadala. Laini yenye riaktansi ndogo inabeba zaidi, hata kama ndiyo dhaifu. Matokeo yake unakuta laini ya zamani inachemka huku jirani yake mpya ina nafasi tele.

Wanaofuatilia gridi ya Tanzania wanaijua sura hii ya laini sambamba: kati ya Iringa na Shinyanga, kupitia Dodoma na Singida, laini ya zamani ya kilovolti 220 imepata mwenzake mpya aliyejengwa kwa kiwango cha kilovolti 400. Mfano nitakaoutumia hapa si wa njia hiyo. Nimeuchagua kwa kuwa namba zake zinahesabika kwa kalamu na karatasi, ila ukubwa wake ni wa kawaida kabisa kwa gridi zetu.

Tuna kituo A na kituo B, volteji ni kilovolti 220, na kati yao zinapita megawati 300. Laini ya 1 ni ya zamani, imekata moja kwa moja porini, nyaya zake ni nyembamba. Riaktansi yake ni omu 40, na haitakiwi kuzidi megawati 125. Laini ya 2 ni mpya, inazunguka mbali kidogo, ina riaktansi ya omu 60 na inaweza kubeba megawati 320. Kazi yetu ni kuishusha laini ya 1 hadi kama megawati 120 bila kupunguza umeme unaofika B.

Hatua ya 1: Hesabu mgawanyo wa asili

Kabla ya kufikiria transfoma yoyote, jua umeme unajigawa vipi wenyewe. Kwa laini za volteji hii ukinzani wa nyaya ni mdogo ukilinganishwa na riaktansi, kwa hiyo kwa hesabu ya kwanza unaweza kuuacha:

```
P1 = P * X2 / (X1 + X2) = 300 * 60 / 100 = 180 MW
P2 = P * X1 / (X1 + X2) = 300 * 40 / 100 = 120 MW
```

Laini ya 1 inabeba megawati 180 wakati uwezo wake ni 125. Laini ya 2 inabeba 120, chini ya nusu ya uwezo wake. Kuzidisha uzalishaji kituo A hakusaidii, na kubadilisha volteji ya vituo vyote viwili hakusaidii pia, kwa sababu laini zote mbili zinaona volteji ileile huku na kule. Kinachotakiwa ni kitu kinachogusa laini moja tu.

Hatua ya 2: Elewa transfoma inafanya nini hasa

Umeme wa megawati unasukumwa na tofauti ya pembe kati ya volteji ya A na volteji ya B. Pembe ikiongezeka, megawati zinaongezeka. Transfoma ya kusogeza fezi inachomekwa ndani ya laini moja na kuibadilishia laini hiyo pembe yake, wakati nyingine inabaki na pembe ya vituo.

Inafanyaje? Chukua fezi ya kwanza. Tofauti ya volteji kati ya fezi ya pili na ya tatu inasimama kwa digrii 90 na volteji ya fezi ya kwanza. Koili ya kuchochea inaichukua tofauti hiyo, swichi ya tepu, ambayo kila tepu yake ni hatua moja, inachagua kiasi, na koili ya mfululizo inaiingiza kwenye fezi ya kwanza. Ukiongeza mshale mdogo wa pembeni kwenye mshale mrefu, ule mrefu unageuka kidogo. Kinachogeuka ni mwelekeo, na urefu unabaki karibu uleule. Fezi ya pili na ya tatu zinafanyiwa vivyo hivyo.

Transfoma hii haizalishi megawati hata moja. Inachofanya ni kuzungusha megawati ndani ya kitanzi cha laini mbili: zinazotolewa kwenye laini ya 1 ni zilezile zinazoongezeka kwenye laini ya 2. Hesabu zote zinazofuata zinatoka kwenye wazo hili moja la kitanzi.

Hatua ya 3: Amua inakaa laini ipi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndiyo hatua ninayoiomba usiikimbilie. Unaweza kuiweka kwenye laini ya 1 na kurudisha pembe nyuma, au kuiweka kwenye laini ya 2 na kutanguliza pembe. Kwenye mchoro zinaonekana ni sawa. Si sawa, kwa sababu transfoma yenyewe ina riaktansi.

Tuseme tunaangalia transfoma ya megavolti-ampea 200 yenye riaktansi ya omu 20, kiasi cha asilimia 8 hivi kwa kipimo chake. Iweke kwenye laini ya 2, tepu ikiwa katikati, bila pembe yoyote. Laini ya 2 sasa ina omu 80, na mgawanyo unakuwa megawati 200 kwenye laini ya 1 na 100 kwenye laini ya 2. Umenunua mtambo wa bei kubwa, umeuwasha, na hali imekuwa mbaya kuliko jana. Ili ufike megawati 120 inabidi usogeze megawati 80.

Sasa iweke kwenye laini ya 1. Laini hiyo inakuwa na omu 60, sawa na mwenzake, na umeme unagawanyika nusu kwa nusu, 150 na 150. Kwa kuwepo tu, transfoma imeshusha laini ya 1 kwa megawati 30. Zimebaki 30 nyingine za kusogeza kwa pembe. Faida ya pili ni kwamba katika siku ya kawaida inapitisha megawati 120 tu badala ya 180.

Kutokana na hesabu hii, jiulize jambo moja kabla ya kutangaza zabuni. Kama shabaha yako ingekuwa megawati 150, reakta ya mfululizo ya omu 20 ingekutosha, na ni koili rahisi isiyo na swichi ya tepu. Transfoma ya kusogeza fezi inastahili pale unapohitaji kusogea zaidi ya hapo, au pale mwelekeo wa umeme unapobadilika kati ya msimu na msimu na unataka uwezo wa kusukuma pande zote mbili.

Hatua ya 4: Hesabu pembe, kisha tepu

Megawati zinazosogezwa zinategemea pembe na riaktansi ya kitanzi kizima, yaani laini ya 1, transfoma, na laini ya 2 kwa pamoja:

```
dP = V^2 * a / (X1 + Xt + X2)
dP = 220^2 * a / (40 + 20 + 60)     # a kwa radiani
dP ≈ 403 * a  → karibu 7 MW kwa kila digrii
```

Namba hiyo ya mwisho, megawati 7 kwa digrii, iandike ukutani kwenye chumba cha udhibiti. Ndiyo itakayokuambia kila siku kama mambo yanakwenda sawa.

Tunahitaji kusogeza megawati 30, kwa hiyo pembe ni digrii 4.3 kurudi nyuma. Tukiwa na transfoma ya digrii 20 kila upande kwa hatua 16, kila tepu ni digrii 1.25, sawa na megawati 8.8. Tepu tatu zinatupa megawati 26 na laini ya 1 inabaki na karibu 124, pua na mdomo na kikomo cha 125. Tepu nne zinatupa megawati 35 na laini ya 1 inashuka hadi 115, ya 2 inapanda hadi 185. Chagua tepu nne. Mzigo wa kituo B haukai mahali pamoja, na kuishi kwenye ukingo wa megawati moja ni kumpa opereta kazi usiku kucha.

Kuhusu opereta, usimkabidhi mtambo wa kujirekebisha wenyewe kabla ya kuangalia upana wa eneo lake la utulivu. Kila tepu inasogeza karibu megawati 9. Ukiuambia mtambo ushike megawati 115 na usivumilie zaidi ya 3 juu au chini, upana wote ni 6, na tepu moja inauruka. Utapanda tepu, uone umepita, ushuke, uone umepungua, upande tena. Swichi ya tepu ina viungo vinavyochakaa na mafuta yanayochafuka, na mchezo huo utaimaliza mapema. Uvumilivu wa megawati 7 kila upande unatosha hapa.

Hatua ya 5: Thibitisha upande kwa tepu moja

Michoro ya kiwandani, kibao cha transfoma na skrini ya chumba cha udhibiti mara nyingine havikubaliani kuhusu maana ya jumlisha na toa. Kuna kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi ambako namba ya tepu ilikuwa ikiongezeka kwenye skrini huku pembe ikirudi nyuma, na kila aliyepokea zamu alikuwa akiambiwa kwa mdomo. Siku aliyepokea hakuambiwa, laini iliyotakiwa kupunguziwa ikaongezewa.

Dawa yake ni jaribio la dakika chache. Chagua saa ambayo mzigo umetulia, na wakati jumla iko chini kiasi kwamba laini ya 1 ina nafasi. Andika megawati za laini zote mbili. Sogeza tepu moja tu upande unaoamini ni wa kurudisha nyuma. Subiri usomaji utulie, kisha andika tena.

Laini ya 1 ikishuka kwa karibu megawati 9 na laini ya 2 ikipanda kwa kiasi hichohicho, kila kitu kiko sawa. Laini ya 1 ikipanda badala ya kushuka, upande umegeuzwa. Rudisha tepu, na usiendelee mpaka alama kwenye skrini zimesahihishwa na kuandikwa kwenye mwongozo wa kituo.

Matokeo mengine mawili yana habari ndani yake. Ikiwa laini ya 1 imeshuka kwa zaidi ya 9, tuseme 11, lakini laini ya 2 imepanda kwa 6 tu, basi kuna njia ya tatu kati ya A na B ambayo hukuiweka kwenye mchoro, pengine laini ya kilovolti 132 inayozunguka kupitia mji mwingine. Megawati 5 zimekwenda huko. Hiyo njia ndogo inaweza kuzidiwa kabla ya laini ya 2, kwa hiyo ifuatilie katika kila tepu inayofuata. Na ikiwa badiliko ni dogo kuliko ulivyotarajia na mikondo ya fezi tatu haifanani tena, shuku kwamba swichi ya fezi moja haikusogea. Hilo hutokea kwenye mitambo yenye swichi tofauti kwa kila fezi. Simama hapo hapo na umwite fundi.

Hatua ya 6: Soma pembe kwa jicho sahihi

Ukifika tepu nne, kibao kinasema digrii 5. Ukipima pembe kati ya upande wa kuingilia na wa kutokea wa transfoma, utasoma karibu digrii 7.7. Watu wengi huanza hapa kukisia kwamba kiashiria cha tepu kimeharibika. Hakijaharibika. Kibao kinatoa pembe ya transfoma isiyobeba mzigo. Ikibeba megawati 115, riaktansi yake ya omu 20 inavuta pembe nyuma kwa digrii 2.7 nyingine, na kwa kuwa sisi tunarudisha nyuma, mbili hizo zinajumlishana.

Ingekuwa tunatanguliza, zingepingana. Ungeomba digrii 5 na kuiona transfoma ikikupa kama digrii 2 tu kwa mzigo huohuo. Kwa hiyo anayepanga kutumia transfoma kwa kutanguliza aagize pembe kubwa kuliko hesabu ya karatasi, na asome kwa makini riaktansi iliyoandikwa kwa kila tepu, kwa sababu katika miundo mingi haibaki ileile kutoka tepu ya katikati hadi ya mwisho.

Hatua ya 7: Panga mapema kwa siku ya laini kukatika

Transfoma hii ina nguvu mradi kitanzi kipo. Kitanzi kikikatika, haina la kufanya. Laini ya 2 ikidondoka, megawati zote 300 zinahamia laini ya 1, na usogeze tepu hadi mwisho upande wowote, bado zitabaki 300, kwa sababu hazina njia nyingine. Utakachobadilisha ni pembe ya kituo B tu. Zaidi ya hayo, swichi ya tepu inachukua sekunde kadhaa kwa kila hatua, wakati nyaya zinaanza kupata joto na kulegea tangu sekunde ya kwanza. Kwa hiyo lazima pawepo na rilei inayopunguza uzalishaji A au mzigo B mara moja laini ya 2 inapokatika. Transfoma haichukui nafasi ya rilei hiyo.

Kisha inakuja kurudisha laini ya 2. Tuseme mzigo umepunguzwa na laini ya 1 inabeba megawati 120. Pembe kati ya vituo ni digrii 8.5 kutokana na mzigo, ongeza digrii 5 za transfoma iliyosahaulika kwenye tepu nne, na breka ya laini ya 2 inaona digrii 13.5. Rilei ya kulinganisha fezi inaweza kukataa kuifunga. Rudisha tepu katikati kwanza, pembe itashuka hadi 8.5, funga breka, halafu panda tena tepu moja moja.

Pale ambapo gridi ina vitanzi vingi, hesabu ya laini mbili haitoshi tena. Ubelgiji iliweka transfoma za aina hii upande wa mpaka wake na Uholanzi mwaka 2008, kwenye vituo vya Zandvliet na Van Eyck, kwa kilovolti 380, kila moja ikiwa na uwezo wa megavolti-ampea 1400 na pembe ya digrii 25 kila upande. Poland ilifuata mwaka 2016 kwenye kituo cha Mikułowa, mpakani na Ujerumani, ili kuuzuia umeme uliokuwa ukipita nchini mwake bila kuagizwa. Mtu akisogeza tepu upande mmoja, megawati zinatokea kwa jirani. Ndiyo maana huko tepu zinapangwa kwa makubaliano kati ya waendeshaji wa gridi, na kila mmoja anapewa athari ya kila digrii kwenye laini zake. Laini za kuunganisha nchi zetu zinavyoongezeka, ndivyo mazungumzo hayo yatakavyohitajika hapa pia.

Hatua ya 8: Kuiondoa kwa matengenezo

Kandokando ya transfoma kuna njia ya mchepuko yenye breka yake, ili laini iendelee kufanya kazi wakati transfoma iko mikononi mwa mafundi. Ukifunga breka ya mchepuko tepu ikiwa nje ya katikati, unaifungia transfoma kwenye volteji yake yenyewe, na kinachozuia mkondo ni zile omu 20 tu:

```
I = 2 * (220000 / √3) * sin(a/2) / Xt
a = 5°   →  karibu 550 A
a = 20°  →  karibu 2200 A
```

Mkondo wa kawaida wa transfoma hii ni ampea 525. Kwenye tepu nne tu tayari umeshauzidi, hata kabla ya kuhesabu mkondo wa laini. Kwenye tepu ya mwisho ni zaidi ya mara nne, na rilei ya ulinzi itaiona kama hitilafu na kukata laini nzima.

Utaratibu ni huu. Punguza kwanza umeme unaopita kati ya A na B, kwa sababu transfoma ikitoka laini ya 1 inarudi kwenye omu 40 zake na sehemu yake ya asilimia 60. Ili ibaki chini ya megawati 125, jumla isizidi kama 205. Rudisha tepu moja moja hadi katikati. Usiamini skrini peke yake. Mtu aende uwanjani asome kiashiria kwenye swichi ya kila fezi, na aripoti kwa redio. Mfungano wa usalama uruhusu breka ya mchepuko ifungwe tu swichi zote zikiwa katikati. Funga mchepuko, angalia mkondo umehamia huko kwenye fezi zote tatu, fungua breka za pande mbili za transfoma, kisha swichi za kutenganisha, kisha iunganishe transfoma na ardhi. Kurudi ni kinyume chake, na tepu inaanzia katikati.